Muuzaji katuma video i5-8400 inawaka kabisa kwenye H110, nitume hela au nisubiri?

Kijana_Tabata
Wakuu habari za jioni. Nina desktopu ya i3 kizazi cha nne imenichosha, nahariri video za harusi na kila nikitoa kazi moja naacha mashine usiku kucha. Sasa nimepata mtu mtandaoni anauza kombo ya mtumba, prosesa i5-8400 pamoja na mazabodi Gigabyte H110M-S2, yote 280,000. RAM ya DDR4 ninayo tayari. Nimemuuliza kama zinaendana akaniambia soketi ni 1151 zote, nikagugo kweli zote ni 1151. Afu katuma video mashine inawaka mpaka Windows, na kwenye kuhusu kompyuta imeandikwa i5-8400 kabisa naiona kwa macho. Anataka nitume nusu leo, mzigo anasema uko Arusha atatuma kwa basi. Kuna kitu nakosa hapa au nilipe tu? Nawauliza kwa sababu hii hela nimeikusanya miezi minne.

mzee_wa_saketi
Usitume hata mia mdogo wangu. Subiri nikueleze kwanini, tena hiyo video anayokutumia kukutuliza ndo inayomchoma.

Soketi 1151 zipo mbili zenye jina moja. Ya kwanza ni ya kizazi cha 6 na cha 7, mazabodi zake ni H110, B150, Z170, B250, H270, Z270 na ndugu zao. Ya pili ilikuja mwishoni mwa 2017 na kizazi cha 8, mazabodi zake ni Z370, H310, B360, B365, H370, Z390. Kwa umbo ni zilezile, pini 1151, vipengele vya pembeni vilevile, prosesa ya kizazi cha 8 ukiiweka kwenye H110 inakaa vizuri kabisa na kifuniko kinafunga, ila haiwaki. Intel walibadilisha kazi za baadhi ya pini za umeme, na bayosi ya H110 haimjui huyo mgeni.

Kwahiyo jiulize: kama ubao ni H110 na mashine inawaka, humo ndani kuna nini? Kuna kizazi cha 6 au cha 7. Haiwezi kuwa 8400. Jina linaloonekana kwenye Windows mtu analibadilisha kwenye rejista kwa dakika moja, linakaa hivyo mpaka awashe upya.

Muombe vitu viwili. Picha ya karibu ya mgongo wa prosesa ikiwa imefutwa pesti, mwanga utoke pembeni. Na video akiwa kwenye Task Manager sehemu ya Performance, hapo kuna mstari umeandikwa Cores. 8400 ina kori 6.

Bingwa2000
Mzee hapo umekosea kidogo, kizazi cha 8 kinawaka kwenye H110 na Z170, nimeona watu wanafanya. Unabandika teip kwenye vile vidoti vya chini ya prosesa na kubadilisha bayosi. Huenda jamaa kafanya hivyo, msimhukumu mtu wa watu.

mzee_wa_saketi
@Bingwa2000 ni kweli hiyo kazi ipo na mimi nimeifanya kwenye Z170. Ila sema yote. Unaziba vidoti fulani kwa teip ya joto, kuna prosesa unaunganisha vidoti viwili kwa rangi ya fedha, bayosi unaihariri na mara nyingi unaichoma kwa programa ya nje ile CH341A na klipu yake. Mtu aliyehangaika hivyo anakuambia kabla hujauliza, maana anajua ukiitoa prosesa teip ikahama mashine imekufa na utamrudia. Huyu kasema "soketi zote ni 1151" basi. Na hata kama kafanya, wewe unayehariri harusi za watu hutaki mashine inayotegemea kipande cha teip. Aulizwe tu, jibu litakuja lenyewe.

kimya_kimya
Mimi nimenunua prosesa mtandaoni nikaiweka, feni inazunguka skrini nyeusi, muuzaji kanizuia namba. Kwahiyo na mimi niliuziwa kizazi kisichoendana? Yangu ni 9400F na mazabodi B360.

mzee_wa_saketi
@kimya_kimya yako ni kesi nyingine. B360 inaichukua 9400F, ila kuna mambo mawili ya kuangalia kabla hujamlaani mtu. Hiyo herufi F maana yake prosesa haina grafiki ndani. Je kuna kadi ya grafiki kwenye mashine, au umechomeka waya wa skrini kwenye mazabodi? Ukichomeka kwenye mazabodi utaona giza mpaka kesho. La pili, B360 zilitoka mapema 2018 na 9400F ilikuja Januari 2019, mazabodi yenye bayosi ya zamani haitaitambua. Tafuta mtu mwenye 8100 au prosesa yoyote ya kizazi cha 8 akuazime dakika kumi, washa, panda bayosi mpya, rudisha yako.

kimya_kimya
Sina kadi. Nimechomeka kwenye mazabodi.

mzee_wa_saketi
Basi azima kadi yoyote hata ya zamani ujaribu leo. Kuna uwezekano prosesa yako ni nzima.

Kijana_Tabata
Wakuu nimerudi. Nimemuuliza kuhusu teip hakunielewa, kasema "teip ya nini". Video ya Task Manager kagoma, anasema mashine kashaifungua. Ila picha ya prosesa katuma baada ya kumsumbua sana. Siwezi kuiweka hapa ila nanakili kilichoandikwa kama kilivyo:

```
INTEL CORE i5-8400
SR2L6 3.20GHZ
L612...
```

Herufi za mstari wa juu naona kama ni nyeupe zaidi kuliko za chini, na bati pale juu lina mikwaruzo inayoelekea upande mmoja kama limesuguliwa na msasa. Ni kawaida?

mzee_wa_saketi
Sio kawaida na hongera kwa kuangalia rangi, wengi wangepita. Soma na mimi mstari kwa mstari.

SR2L6 ndo kitambulisho cha kweli cha hiyo prosesa, kila modeli ina chake. SR2L6 ni i5-6500. 8400 nilizoshika mimi zimeandikwa SR3QT. Huna haja ya kuniamini, andika "SR2L6" kwenye gugo uone. Pembeni yake kuna 3.20GHZ, ambayo ni spidi ya msingi ya 6500. 8400 spidi yake ya msingi ni 2.80.

Mstari wa tatu watu huwa hawausomi kabisa. Herufi ya kwanza ni kiwanda, L ni Malaysia, X ni Vietnam. Namba inayofuata ni mwaka, mbili baada ya hapo ni wiki. L612 ni Malaysia, mwaka 2016, wiki ya 12. 8400 ilitangazwa Oktoba 2017. Hiyo prosesa ilitengenezwa mwaka mzima na nusu kabla ya jina inalovaa.

Yani kafuta mstari mmoja akachonga mwingine akaacha miwili ya chini vilevile. Ni 6500, kori nne. Nzima labda, inafanya kazi labda, lakini sio unachonunua.

Kijana_Tabata
Mungu wangu. Nilikuwa nimeshaandika namba ya siri ya simu nikasema ngoja niulize kwanza.

Dada_Nyamagana
Kaka @Kijana_Tabata shukuru. Mimi niko Mwanza, mwaka juzi nilituma hela yote kwa mtu wa Dar kwa ajili ya mazabodi ya B360. Mzigo ukaja kwa basi kwenye boksi la viatu, mazabodi imefungwa gazeti, soketi iko wazi haina kile kifuniko cha plastiki. Nilipoangalia pini kona moja zimelala kama majani yamekanyagwa na ng'ombe. Nikampigia, akasema "umeiharibu wewe wakati wa kuweka prosesa". Sikuwa na prosesa hata ya kuweka. Lakini ushahidi nilikuwa sina, boksi nililifungua peke yangu jikoni.

Tangu hapo nina utaratibu, na nimenunua mara tatu bila shida. Kabla hajafunga naomba video moja isiyokatwa: aanze na stika ya seriali ya mazabodi, aende kwenye soketi iliyo wazi na tochi, aifunike na plastiki, aweke kwenye boksi, afunge teip. Na mimi nikipokea nawasha kamera kabla sijagusa kisu, naanza na teip ikiwa nzima. Anayekataa kurekodi hiyo video ya dakika mbili namwacha.

Na jambo la jina. Kabla ya kutuma hela simu inaonyesha jina la mwenye namba. Yule wangu akaunti ilikuwa jina la kiume, namba ikaleta jina la mama mmoja. Nikajiambia labda ni mke wake. Usijiambie hivyo. Muulize kabla, na akikupa namba nyingine ya haraka haraka acha.

msee_wa_luthuli
Mimi niko Nairobi na nataka kuongezea hapo kwa historia ya muuzaji, maana watu huangalia tu nyota na comenti nzuri. Mimi huchukua picha ya tangazo naitafuta kwa gugo lenzi. Mara kadhaa nimepata ile picha iko kwa tangazo la mtu mwingine kabisa, Urusi au Uhindi huko, soketi ya ukutani ikiwa tofauti na zetu ndo nikashtuka. Kisha naangalia akaunti imefunguliwa lini na huwa anauza nini. Mtu ameuza vitu vya kompyuta miaka mitatu, hata kama ana lalamiko moja ambalo alijibu na kurudisha pesa, huyo namwamini kuliko akaunti ya wiki mbili yenye sifa ishirini zimeandikwa siku moja. Na unaweza mwambia aandike jina lako na tarehe ya leo kwa karatasi, aiweke kando ya prosesa apige picha. Mwenye mali atafanya, ni sekunde tu.

Sasa shida yangu. Hizi zenu za Intel pini ziko kwa mazabodi, mimi nina Ryzen 5 3600 na hiyo pini ziko kwa prosesa yenyewe. Nilienda kutoa feni, nikavuta juu, prosesa ikatoka nayo ikiwa imeshikwa na pesti, na lever ya soketi ilikuwa bado imefungwa! Pini kama nane zimepinda. Nimeharibu?

mzee_wa_saketi
@msee_wa_luthuli kama hakuna iliyokatika hujaharibu. AM4 ndo ugonjwa wake huo, pesti ikikauka inashika kuliko soketi. Siku nyingine washa mashine ifanye kazi nzito dakika kumi pesti ilainike, zima, chomoa waya, afu zungusha feni kushoto kulia taratibu mpaka uisikie imeachia ndo uinue.

Kunyoosha, chukua wembe mwembamba au ile penseli ya kubonyeza uitoe risasi, ncha yake inaivaa pini moja moja. Nenda kidogo kidogo, upande mmoja tu, usiirudishe ikapita ukairudisha tena maana chuma kikipinda mbele na nyuma kinakatika. Ukimaliza iinamishe prosesa usawa wa jicho, safu zote lazima uone njia nyeupe kati yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa urefu na kwa upana. Kisha iachie kwenye soketi, idondoke yenyewe. Ikikataa usiikandamize, kuna pini bado.

Fundi_Mikroskopu
Naunga mkono, ila penseli siipendi, kwangu ni sindano ya sirinji ile nene inayovaa pini vizuri zaidi. Natengeneza simu hapa mjini na pini za AM4 nimenyoosha nyingi, ni kubwa ukilinganisha na tunavyoshika kila siku. Za soketi ya Intel ndo kazi, zile ni springi zimekunjwa tayari kiwandani.

Kijana_Tabata
Wakuu nimefuata ushauri nikaachana na yule. Leo nilikuwa Kariakoo, nimepata duka jamaa anauza vitu vilivyotolewa kwenye desktopu za maofisini zinazokuja kutoka Ulaya na Dubai. Ana 8400 na ana mazabodi Gigabyte H310M S2H, kombo 350,000 nikiwa palepale naruhusiwa kujaribu. Kesho asubuhi narudi. Naomba mnipangie nianzie wapi maana nikifika pale kwenye kelele nitasahau.

mzee_wa_saketi
Sawa. Kwanza duka la kutolea vitu maofisini ni mahali pazuri, prosesa za maofisini hazijateswa. Muulize ilitoka kwenye mashine gani. Akisema OptiPlex 3060 au EliteDesk 800 G4, hizo kweli ni za kizazi cha 8. Akisema OptiPlex 3050 simama hapohapo, 3050 ni kizazi cha 6 na 7. Usimuulize kwa kumtega, uliza tu kama mazungumzo.

Prosesa ishike pembeni. Mgongo: SR3QT, 2.80GHZ, na namba ya kiwanda isianze na mwaka wa kabla ya 7, yani iwe kama X7 ya wiki za mwishoni mwa mwaka, X8 au L8. Kama kodi yake inaanza na Q badala ya SR, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani, haikutengenezwa kuuzwa, kuna bayosi zinaikataa, usichukue hata kwa nusu bei. Igeuze tumbo. Vidoti vya dhahabu viwe safi, doa la pesti linafutika kwa spiriti, ila kidoti cheusi kilichoungua hakifutiki. Katikati ya tumbo kuna vidude vidogo vidogo vimepangwa kwa safu, angalia kama kuna nafasi yenye solda tupu bila kidude, maana yake kimeng'oka.

Mazabodi sasa, na hapa usiharakishe. Fungua kifuniko cha soketi, toa prosesa kama imo. Tochi ya simu ilaze karibu kabisa na ubao, usimulike kutoka juu. Ukimulika kutoka juu kila kitu kinang'aa na huoni kitu. Mwanga ukitoka pembeni ncha za pini zinang'aa kama mistari ya mahindi shambani, na iliyopinda inavunja mstari, ama inang'aa mahali pasipo pake ama inaacha shimo jeusi. Zungusha ubao uangalie kutoka pande zote nne, kuna pini inaonekana nzima kutoka upande mmoja na imelala ukiangalia kutoka mwingine. Rekodi video ukuze baadaye umetulia nje ya duka.

Afu andika jina kamili la mazabodi na rivisheni. Gigabyte huandika REV kwa herufi ndogo pembeni mwa ubao. H310M S2H ipo na H310M S2H 2.0 ipo, kila moja ina ukurasa wake na bayosi yake, ukichukua faili la mwenzake unaweza ukaua ubao. Usitegemee Windows ikuambie rivisheni, Gigabyte nyingi humo zinaonyesha x.x tu.

Ikiwaka fungua PowerShell andika hizi:

```
Get-CimInstance Win32_Processor | Select Name,NumberOfCores,Description
Get-CimInstance Win32_BaseBoard | Select Manufacturer,Product,Version
```

Kori ziwe 6. Kwenye Description utaona Family 6 Model 158 Stepping 10. Ile ya jamaa wa Arusha ingesoma Model 94, wengi wanaochezea jina hawafiki huko. Ila hakikisha umewasha mashine upya wewe mwenyewe kabla ya kuandika.

Mwisho RAM. Hiyo mazabodi ina nafasi mbili, na kila nafasi ni chaneli yake. Jaribu stiki moja kwenye nafasi ya kwanza, zima, hamishia ya pili, zima, afu zote mbili. Pini iliyopinda mara nyingi haizuii mashine kuwaka, inaua chaneli moja ya RAM au inaua sloti ya kadi, na muuzaji akijaribu kwa stiki moja mahali palipo pazima anakuapia kwa Mungu kwamba ni nzima, na anaamini.

Bingwa2000
Mbona mambo mengi sana, ikiwaka si imewaka jamani.

Dada_Nyamagana
@Bingwa2000 yangu ilinitoka hela ya miezi mitatu kwa maneno hayohayo.

Kijana_Tabata
Wakuu nimetoka Kariakoo sasa hivi niko kwenye daladala naandika.

Prosesa iko safi. SR3QT, 2.80GHZ, inaanza X82. Tumbo safi. PowerShell imesoma kori 6, Model 158 Stepping 10 kama ulivyosema mzee, nilifurahi mpaka jamaa akaniuliza nacheka nini.

Mazabodi ndo shida. Kwa tochi sikuona kitu mwanzoni. Stiki kwenye nafasi ya kwanza ikawaka, nikahamishia ya pili, feni inazunguka inazima inazunguka tena, hakuna picha. Jamaa akasema RAM yangu mbovu. Nikabadilisha stiki nyingine kwenye nafasi ileile, hivyohivyo. Nikarudisha zote mbili kwa zamu kwenye nafasi ya kwanza, zote zinawaka. Akanyamaza.

mzee_wa_saketi
Umefanya vizuri sana kubadilishana stiki, hapo umemaliza ubishi. Kabla hujaihukumu ubao ulilegeza feni? Feni ikikazwa upande mmoja zaidi prosesa inainuka kidogo upande wa pili na chaneli inapotea, ubao ukiwa mzima kabisa. Na vidoti vya prosesa vikiwa na mafuta ya vidole vivyo hivyo.

Kijana_Tabata
Nililegeza, tena jamaa ndo alisema tulegeze. Tukafuta na vidoti kwa spiriti. Hakuna mabadiliko. Tukafungua tena soketi, nikafanya ile ya kulaza tochi nikazungusha ubao, kutoka upande wa nafasi za RAM nikaona pini moja karibu na ukingo imeegemea mwenzake, zimegusana kabisa. Kutoka pande zingine tatu haionekani. Jamaa mwenyewe hakuwa anajua, niliona usoni alivyoshtuka, kasema ubao aliuchukua kwa mtu kwa kubadilishana.

Kanipa machaguo mawili, kombo kwa 270,000 nikubali na nafasi moja, au prosesa peke yake 170,000. Nimechukua prosesa peke yake, kaniandikia risiti yenye modeli na zile namba za mstari wa tatu, na siku saba za kurudisha. Ila sasa najiuliza kama nimefanya ujinga, pini moja si ingenyooshwa tu?

Bingwa2000
Umeacha hela mezani. Sindano na dakika tano.

mzee_wa_saketi
Mimi ningefanya kama wewe. Pini ya soketi ikinyooshwa inaweza kushika leo ikaachia baada ya miezi sita ukiwa katikati ya kazi, kwa sababu ile springi ikishapinda vibaya haisukumi juu kwa nguvu ileile. Na zikiwa zilishagusana na umeme umepita, hujui ni kitu gani kingine kimeguswa.

Fundi_Mikroskopu
Mzee nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe. Pini moja iliyoegemea, haijakatika shingo, chini ya mikroskopu ni kazi ya kawaida. Ninazo mazabodi mbili nimenyoosha zinafanya kazi mwaka wa pili huu, moja naitumia mwenyewe. Kuhusu umeme, kama chaneli imekufa kwa sababu pini haigusi kidoti chake, ikigusa inarudi. Kama imekufa kwa sababu imeungua haitarudi, na hilo unalijua ndani ya nusu saa ukishanyoosha.

mzee_wa_saketi
Mbili sio nyingi mdogo wangu. Na wewe una mikroskopu na mkono wa simu, yeye ana tochi na anahitaji mashine ya Jumamosi.

Fundi_Mikroskopu
Hapo kweli, kwake yeye sio. Ndo maana sijamwambia arudi.

kimya_kimya
Jamani nimeazima kadi kwa jirani, imewaka. 9400F yangu nzima. Nimemtumia yule muuzaji ujumbe wa kumuomba radhi kwa namba nyingine, nilimtukana sana wiki ile.

msee_wa_luthuli
Na yangu imerudi, pini saba poa, moja ilikuwa ngumu nikaenda nayo nusu saa nzima kwa wembe. Imedondoka kwa soketi yenyewe. RAM zote mbili inasoma. Bado sijajaribu sloti ya kadi.

mzee_wa_saketi
Jaribu na sloti kabla hujafunga keisi.

Kijana_Tabata
Asanteni sana wakuu, natafuta sasa H310 au B360 nzima, mwenye nayo Dar na anaruhusu kupimia palepale anitafute.

Fundi_Mikroskopu
@Kijana_Tabata ile mazabodi yenye pini iliyoegemea bado iko dukani? Niambie ni mtaa gani na jamaa aliitaja peke yake bei gani. Nikiinyoosha ikakubali nafasi zote mbili nitakuita uje na prosesa yako uijaribu wiki nzima kabla hujanipa hela.

Kijana_Tabata
Iko, hakuitaja bei peke yake ila kwa hesabu ni kama 100,000. Nakutumia pm na ile video ya soketi niliyorekodi, sekunde ya 40 hivi ndo inaonekana.

mzee_wa_saketi
@Fundi_Mikroskopu ukiinyoosha piga picha kabla na baada uweke hapa. Nataka kuona.